Barua kwa wateja: Duka la vifaa vya ushonaji limehamia Kondele

Kondele, Kisumu
5 Februari 2025

Kwa wateja wetu wote: mafundi cherehani, walimu wa ushonaji na wachuuzi wa nguo

Mabibi na mabwana,

MINT: KUHAMA KWA DUKA LA VIFAA VYA USHONAJI NA UKARABATI WA CHEREHANI

Nawasalimu kwa heshima. Kwa barua hii nathibitisha kwamba duka letu, ambalo kwa miaka kumi na mmoja mmelizoea katika kichochoro kilicho nyuma ya barabara ya Oginga Odinga, lilifungwa pale tarehe 29 Januari 2025 na kufunguliwa hapa Kondele Jumatatu tarehe 3 Februari. Mwenye jengo alitupa notisi ya miezi miwili kwa kuwa anataka kulibomoa na kujenga upya, na kwa hilo sina ugomvi naye. Linalonikera ni habari kwamba baadhi ya wateja waliofika pale wiki hii wameambiwa na majirani kuwa tumefunga biashara kabisa. Hatujafunga. Wala hatujaacha mtu yeyote pale wa kutuuzia au kutupokelea kazi, kwa hiyo tafadhali msimkabidhi mtu cherehani wala fedha kwa jina letu katika mlango ule wa zamani.

Anayetoka mjini atafuata barabara ya Jomo Kenyatta, apite soko la Kibuye, na kuteremka katika steji ya mwisho kabla ya daraja la juu la Kondele. Hapo ataona jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi ya kijani, nasi tuko chini, mlango wa tatu, kati ya duka la dawa na kinyozi. Kibao chetu ni kile kile cha zamani chenye picha ya mkasi, ila kona moja ilivunjika njiani na sijapata nafasi ya kukitengeneza. Wanaotoka Mbale, Chavakali na Kakamega wamepata nafuu, kwa sababu matatu zao hupita hapa na hawana tena haja ya kufika mjini. Wa Ahero na Awasi, pamoja na wa Maseno na Luanda, watalazimika kupanda gari la pili au tuktuk kutoka mjini, na kwa hilo naomba radhi. Kwa mteja wa upande huo anayehitaji nyuzi, zipu au vifungo vya jumla, nitamtumia mzigo kwa matatu bila kutoza gharama ya kufungasha. Atalipa nauli ya mzigo pekee.

Sasa nieleze suala la cherehani zilizokuwa zikitengenezwa. Zote ishirini na tatu zimefika salama. Hata hivyo, siku ya kuhama mvua ilitunyeshea tukiwa bado tunapakia mkokoteni, na kadi tunazofunga kwa uzi kwenye gurudumu la kila cherehani zikalowa, nne kati yake hata jina halisomeki. Moja ni kichwa cheusi ambacho maua yake ya dhahabu yamefutika upande wa sindano. Ya pili ni ya kukanyaga, na meza yake ina alama ya pasi iliyounguza mbao. Ya tatu ni ovaloki nyeupe isiyo na kifuniko cha upande. Na ya nne ina mkanda mpya wa ngozi niliouweka mwenyewe, lakini nimesahau niliuweka kwa ajili ya nani. Mwenye mojawapo aje na risiti yake, au kama imepotea, anieleze ilikuwa na hitilafu gani. Fundi huijua cherehani yake hata gizani, hivyo sitarajii ubishi.

Namba ya kulipia kwa M-Pesa ni ile ile iliyochapishwa chini ya risiti zetu, na namba ya simu vilevile haikubadilika. Bei nazo ni zile zile. Madeni yaliyoandikwa katika daftari la zamani yamehama nasi, jambo ambalo nalitaja kwa upole tu.

Tutafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili, ambayo hapo awali hatukufungua, sasa tutakuwepo kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, kwa ajili ya mafundi wanaokuja Kibuye siku hiyo ya soko kubwa kutafuta vitambaa. Ukarabati hautafanyika Jumapili. Tutapokea cherehani na kuuza vifaa pekee.

Atakayepotea njia apige simu akiwa pale steji, nami nitamtuma kijana aje kumpokea na kumbebea mzigo.

Wenu mwaminifu,

Mwenye duka
(Mama Vifungo, kama mlivyozoea kuniita)