YAH: Ratiba ya kusasisha kompyuta 30 za maabara

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Naomba kibali cha kufunga maabara Ijumaa moja kila mwezi, ile ya wiki inayofuata wiki yenye Jumanne ya pili, kuanzia saa 9 alasiri.

Microsoft hutoa masasisho ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Mashine zetu huyapakua zenyewe, zote kwa wakati mmoja, katikati ya kipindi. Sasisho la gigabaiti 1 kwa kompyuta 30 ni gigabaiti 30. Kwa laini yetu ya megabiti 10 kwa sekunde, ni karibu saa saba za intaneti kujaa. Mwanafunzi anafungua ukurasa, duara linazunguka tu. Mbaya zaidi ni mashine kuzimwa kwenye swichi ya ukutani sasisho likiwa asilimia 60: mara nyingine haiwaki tena sawasawa. Kuzima masasisho kabisa si dawa, maana flashi za wanafunzi huleta virusi kila wiki.

Jumatano nitajaribu sasisho kwenye kompyuta 2. Zikikaa salama hadi Ijumaa wiki inayofuata, nitasasisha zilizobaki kumi kumi, nikiwasha Delivery Optimization ili zigawane faili badala ya kila moja kupakua upya. Kila kundi nitalizima na kuliwasha, kisha nitahakiki toleo kwa `winver` na kuliandika daftarini.

Naomba pia umeme wa maabara usikatwe jioni hiyo hadi nitakapokabidhi funguo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Tehama