Mama Salio, Hesabu Zimefungwa

Mpendwa wetu Mama Salio,

Tumekubaliana hapa tawini kwamba ujumbe huu usomwe kabla hujafunga droo yako kwa mara ya mwisho, kwa sababu tunakufahamu: ukishafunga droo, ukasaini na kukabidhi funguo, hutasikiliza tena jambo lolote lisilo na vocha. Nimepewa mimi heshima ya kuuandika kwa kuwa nimekaa kaunta ya pili, ubavuni pako, kwa miaka kumi na minne, na katika muda wote huo sikumbuki karatasi yangu hata moja iliyofika mezani kwa meneja kabla haijapita mbele ya miwani yako.

Wageni waliopo leo huenda wanajiuliza jina hili la Mama Salio limetoka wapi, maana halimo katika jalada lako la ajira. Ulipewa na wateja. Kila aliyesimama mbele ya dirisha lako, awe amekuja kuweka fedha, kutoa fedha au kuuliza tu njia ya kwenda ofisi ya jirani, hakuondoka bila kuulizwa kwa upole, "Salio lako unalijua?" Wapo waliolijua, wapo waliolikisia, na alikuwapo bwana mmoja aliyejibu kwamba salio lake analijua mkewe. Ulimwandikia kiasi hicho kwenye kikaratasi, ukakikunja mara mbili, ukamwambia, "Basi mpelekee, mlijue wawili."

Uliingia benki mwaka 1995, ukiwa na kalamu mbili na daftari la kusahihishia makosa ambalo, kwa taarifa za waliokutangulia, lilijaa makosa ya watu wengine. Kazi yako ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa kuzungusha muhuri wa tarehe, na hukumwachia mtu mwingine kazi hiyo mpaka leo. Nimepiga hesabu kwa makadirio ya siku 250 za kazi kwa mwaka: umezungusha muhuri ule zaidi ya mara 7,000, na hakuna siku ambayo tawi hili liliwahi kugonga karatasi tarehe ya jana. Sisi wengine tulijua kwamba siku mpya imeanza kwa kusikia ule mlio mdogo, tik, kisha wewe ukiugonga mara moja kwenye karatasi chakavu, ukiutazama kwa jicho moja na kutangaza, "Haya, leo ni leo."

Waliokuwapo usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 wametusimulia habari zako. Dunia nzima ilikuwa na hofu kwamba kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zingeiona 00 na kudhani ni mwaka 1900, na katika benki hofu hiyo ilikuwa na uzito wake, kwani mteja aliyefungua akaunti juzi angeweza kuonekana ameanza kudai riba kabla babu yake hajazaliwa. Wenzako walikaa wakiitazama saa ya ukutani. Wewe ulikaa ukinakili masalio kwenye leja kwa mkono, akaunti baada ya akaunti, na ilipogonga saa sita usiku kompyuta zikaendelea kufanya kazi kana kwamba hazikusikia lolote, uliziangalia, ukamaliza mstari uliokuwa ukiuandika, ukazitakia heri ya mwaka mpya. Kisha ulilinganisha leja na kompyuta ili kuhakikisha kwamba kompyuta haikukosea.

Hata hivyo, kisa ninachotaka kibaki katika kumbukumbu za tawi hili ni cha jioni ile ya mwisho wa mwezi ambapo hesabu ziligoma kufungana. Tulikuwa na tofauti ya 5,400. Mwenye kupekua droo alipekua, mwenye kupiga magoti chini ya kaunta alipiga magoti, na kijana mmoja, ambaye leo ni mkuu wa kitengo na ninalihifadhi jina lake, alimwaga kapu la taka sakafuni na kuanza kufungua karatasi moja moja kama anayetafuta barua ya posa. Saa kumi na mbili ilipita. Saa moja ikaingia. Ndipo ulipovua miwani, ukaipangusa kwa ncha ya mtandio, ukauliza, "Mmeigawa kwa tisa?"

Hakuna aliyeigawa kwa tisa. Uliandika kwenye kikaratasi: 5,400 kugawa kwa 9 ni 600, wala hakuna baki. Ukatueleza kwa sauti ileile unayotumia kumweleza mteja tofauti ya akaunti ya akiba na akaunti ya hundi kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi si fedha iliyopotea, bali ni tarakimu mbili zilizobadilishana viti, na kwamba ile 600 inatuambia viti vyenyewe ni vya maelfu na mamia, na kwamba kati ya tarakimu hizo mbili moja inaizidi nyingine kwa sita. "Tafuteni saba na moja," ulisema, "au nane na mbili, au tisa na tatu, au sita na sifuri." Dakika nne baadaye tuliipata vocha ya 37,100 iliyoingizwa kama 31,700. Kijana wa kapu la taka alishangilia mpaka mlinzi akaingia ndani kuuliza kama kuna usalama. Wewe ulikuwa umekwishavaa miwani na kuendelea kupanga mabunda ya noti, nyuso zote zikitazama upande mmoja, kwa sababu uliamini kwamba noti nayo ina haki ya kulala vizuri.

Na kuhusu noti, mashine ya kuhesabia fedha ilipoletwa uliipokea kama unavyompokea mfanyakazi mgeni, yaani kwa heshima na bila kuiamini. Siku ilipoonyesha 99 kwenye bunda ulilokwisha kulihesabu kuwa 100, hukubishana nayo. Ulilowesha kidole kwenye sponji, ukaanza upya, kidole gumba kikienda kwa mwendo ule ambao macho yetu hayaufikii, ukafika 73, ukasimama kumjibu mteja salamu, ukaendelea na 74 bila kuyumba, na ulipofika mwisho ukatenganisha noti mbili mpya zilizokuwa zimeshikana. Uliiambia mashine, "Usijali, utazoea." Imezoea kweli, Mama. Sasa hivi ikitupa jibu lisilotupendeza, bado tunageuka kuangalia upande wako.

Meneja ameniomba niseme jambo kuhusu funguo. Hazina ya benki haifunguliwi na mtu mmoja. Kila mmoja ana ufunguo wake, na pasipo wawili mlango haufunguki. Mameneja wamekuja na kuondoka hapa, na kila mmoja wao alijifunza kuwahi kazini kwa njia moja tu, nayo ni kukukuta umesimama mbele ya mlango wa chuma, ufunguo mkononi, ukitazama saa yako bila kusema neno. Meneja wetu wa sasa anakiri kwamba hakuna barua ya onyo iliyowahi kumtikisa kama ukimya ule.

Likizo yako ya lazima nayo ilikuwa ikitupa mtihani. Benki inataka mfanyakazi akae mbali na meza yake kwa muda, ili mtu mwingine aishike kazi na yaliyomo yaonekane, na wewe ulizitii kanuni hizo mpaka nukta ya mwisho. Hukugusa kompyuta, hukupiga simu. Ila mwaka mmoja ulikuja siku ya tano, ukapanga foleni kama mteja, ukafika dirishani kwangu, ukaweka akiba yako, na wakati nakugongea stakabadhi ukainua nyusi mara moja kuelekea droo. Nilitikisa kichwa kwamba hesabu zimelingana. Ukashukuru, ukaondoka, ukamaliza likizo yako kwa amani.

Kalamu za kaunta zitakukumbuka. Kabla hazijafungwa minyororo, ulikuwa ukizihesabu jioni pamoja na fedha, na siku moja ulimfuata bwana mmoja mpaka mlangoni na kumwambia, "Ndugu yangu, kalamu ni mali ya benki na wewe ni mteja wa benki. Naomba mali ibaki na mteja arudi." Bwana yule alirudi, na baadaye akaleta na ndugu zake wafungue akaunti. Alikuwapo pia mteja aliyezoea kuitamka namba yake ya siri kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima. Ulikohoa kwa nguvu kiasi kwamba mlinzi alikimbilia maji, kisha hukumruhusu aondoke mpaka ameibadilisha.

Lakini mteja ninayemkumbuka kuliko wote ni yule mzee aliyekuja kila baada ya miezi miwili, haweki wala hatoi, anataka tu kuhakikisha kwamba fedha yake bado ipo. Mtu mwingine angemweleza kwamba benki haifanyi kazi namna hiyo. Wewe ulimchapia taarifa ya akaunti, ukaigeuza ielekee upande wake, ukaweka kidole chini ya salio na kumsomea tarakimu moja moja, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila moja kama anayeitiwa majina ya wanawe. Alipomaliza kuridhika alikuuliza, "Na wewe, upo?" Ukamjibu, "Nipo, mzee wangu." Ndipo alipochukua fimbo yake. Mama, tumeshawaambia vijana wa dirisha lako kwamba akija atasomewa tarakimu zote, na kwamba akiuliza kama upo, waseme unapumzika, si kwamba umeondoka.

Tumekuandalia zawadi. Ni muhuri wa tarehe, mpya kabisa, usio na jina la benki, kwa kuwa tulijua ungekataa kutoka na mali ya ofisi na ungetudai hati ya makabidhiano. Hati hiyo tumeiandaa pia, imo ndani ya boksi, imesainiwa na watu wawili. Uutumie nyumbani kwenye barua, kwenye daftari la matumizi, au kwenye mikono ya wajukuu watakapokuja kukukopa bila dhamana.

Tumeshauzungusha kwenye tarehe ya kesho. Tafadhali usije nao hapa asubuhi. Ule wa kaunta tutauzungusha sisi, kisha tutaugonga kwenye karatasi chakavu na kuutazama kwa jicho moja.

Kwa upendo na shukrani kutoka kwa sisi sote wa tawini,
Jirani yako wa kaunta ya pili

Nyongeza: Kadi hii imechangiwa na watu 23, na saini zilizomo ni 23. Tumezihesabu mara mbili, lakini tunajua utazihesabu tena.