Ombi la Kusogeza Tarehe ya Rejesho la Mkopo

Jinja, 3 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Mikopo,
Tawi la Jinja

Mheshimiwa,

Rejesho langu la shilingi 640,000 hukatwa tarehe 25, ilhali mshahara huingia tarehe 28. Akaunti huwa tupu, makato hugoma, na faini ya ucheleweshaji huandikwa kwa siku 3 tu.

Naomba tarehe iwe 2 ya kila mwezi, kuanzia 2 Oktoba. Sikuomba 28 yenyewe, kwani ikiangukia wikendi mshahara huweza kuchelewa. Riba ya siku 7 za ziada nitailipa pamoja na rejesho hilo.

Tafadhali sitisheni makato ya 25 Septemba, msije mkakata mara mbili, kisha mnipe ratiba mpya iliyotiwa sahihi. Nimeambatisha hati 3 za mshahara na taarifa ya akaunti.

Wako mtiifu,
Mwenye akaunti ya mkopo inayoishia 4417