Ratiba ya marudio ya Hisabati, wiki 3 kabla ya mtihani wa kidato cha nne

Wiki ya 1: Trigonometria tu, kila siku saa 11 alfajiri. Jumatatu chora pembetatu ya pande 1, √3 na 2; usikariri sin 30° = 1/2, isome kwenye mchoro. Jumanne na Jumatano, pembe za mwinuko na mwinamo: jipime na mnara wa msikiti wa Gaddafi, na mwishoni jumlisha kimo cha macho yako, maana hapo ndipo alama zako zinapopotea. Alhamisi hadi Jumamosi: c² = a² + b² − 2ab cos C.

Wiki ya 2: Vekta, duara, takwimu. Pitia haraka, unaziweza.

Wiki ya 3: Mitihani iliyopita ya NECTA, kila mmoja kwa muda wa saa 3 kamili, majedwali mkononi, kikokotoo nimekichukua.