Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mwaka Ulioishia 31 Desemba 2024

Ndugu Wanahisa,

Kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya Kampuni yetu ya maboksi na vifungashio.

Mauzo yaliongezeka kutoka shilingi bilioni 78.2 hadi bilioni 84.6. Faida baada ya kodi, hata hivyo, ilishuka kutoka bilioni 6.9 hadi bilioni 6.1, na mnastahili kuelezwa sababu.

Ya kwanza ni karatasi. Roli nyingi tunanunua nje kwa dola, ilhali maboksi tunauza kwa shilingi. Shilingi ilidhoofika kwa sehemu kubwa ya mwaka, na nafuu ya miezi ya mwisho ilikuta mzigo mwingi umeshalipiwa. Riba nayo ilipanda baada ya Benki Kuu kuongeza Riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6 mwezi Aprili 2024.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe. Mwezi Agosti, mashine kubwa ya Chang'ombe ilisimama siku 19 ikisubiri beringi ambazo hazikuwepo stoo. Ilipowashwa, gundi ya wanga ilichanganywa na maji kupita kiasi. Karatasi zikatoka zimepinda, maboksi yakalegea, na baadhi ya wateja wakayarudisha. Upotevu wa karatasi ulifikia asilimia 11 ya malighafi. Bodi haikuridhika. Menejimenti imeagizwa kuweka stoo vipuri vyote vinavyoweza kusimamisha uzalishaji, na gundi sasa inapimwa kila zamu kabla mashine haijawashwa.

Kwa mwaka 2025, tunatarajia kushusha upotevu huo hadi karibu asilimia 8. Tunakusudia pia kufunga mashine ya pili ya kuchapa, endapo mazungumzo ya mkopo yatakamilika. Hadi tarehe ya taarifa hii hakuna mkataba uliosainiwa. Haya ni matarajio yanayotokana na taarifa tulizonazo leo, si ahadi. Bei ya karatasi, thamani ya shilingi, riba na mahitaji ya wateja vinaweza kufanya matokeo halisi yatofautiane nayo kwa kiasi kikubwa.

Bodi inapendekeza gawio la shilingi 30 kwa hisa, kutoka shilingi 34 mwaka uliopita. Likiidhinishwa na Mkutano Mkuu, litakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam: mwenye hisa 1,000 atapokea shilingi 28,500. Tafadhali hakikini namba zenu za akaunti kwa dalali wenu mapema, kwani gawio hurudi pale jina la akaunti ya benki lisipolingana na la kwenye rejista.

Nawashukuru kwa dhati wafanyakazi wetu, hasa mafundi waliokesha kiwandani mwezi Agosti, pamoja na wateja waliotuvumilia.

Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi
Dar es Salaam

Taarifa hii imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Matoleo mawili yakitofautiana, toleo la Kiingereza lililoidhinishwa na Bodi ndilo litakalozingatiwa.