Faili ulilopakua halijatambuliwa: soma hapa kabla ya kulifungua

Kwa watumishi wote wanaotumia kompyuta za Windows za chuo. Umefika kwenye ukurasa huu kwa sababu kompyuta yako imetoa ujumbe huu:

> Faili hili halijatambuliwa
> Jina: 7z2409-x64.exe
> Aina: programu ya kusakinisha
> Saini ya kidijitali: haipo
> Faili limezuiliwa kwa muda. Halijafutwa, na bado halijafunguliwa. Chagua *Futa* au *Bakiza* baada ya kusoma maelezo.

Jina la faili kwako linaweza kuwa tofauti. Tumeweka hili la 7-Zip makusudi, kwa kuwa ni programu safi, maarufu, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, na bado huonywa kwa sababu mtengenezaji wake haitii saini ya kidijitali. Onyo peke yake, basi, halijakuambia kama faili ni baya.

Angalia kwanza ni onyo la aina gani

Ujumbe unaosema faili *halijatambuliwa*, au *halipakuliwi mara nyingi*, au dirisha la buluu la Windows lenye maneno "Windows protected your PC", maana yake ni kwamba faili halina historia. Windows na vivinjari hujenga sifa ya faili kwa kuangalia watu wangapi wamelipakua, kwa muda gani, na nani kalitia saini. Toleo lisilo na saini lililotoka jana usiku huanza bila sifa yoyote hata kama la mwezi uliopita lilikuwa salama. Programu ndogo iliyoandikwa na kijana wa hapa nchini kwa ajili ya vitabu vya hesabu vya vyama vya akiba itaonywa vilevile, kwa sababu cheti cha kutilia saini hulipiwa na si kila mwandishi wa programu anakimudu.

Ujumbe unaosema faili ni *hatari*, au antivirasi inapotaja jina la kirusi na kulihamishia karantini, ni habari nyingine. Hapo kimetambuliwa kitu kinachojulikana. Usilirudishe mwenyewe. Futa, kisha tupigie namba ya ndani 214. Kosa la antivirasi hutokea, lakini kulithibitisha ni kazi yetu.

Yanayofuata yanahusu kundi la kwanza tu.

Swali la kwanza: limetoka wapi hasa?

Usitegemee kumbukumbu. Kivinjari huambatisha anwani ya chanzo kwenye faili lenyewe, katika alama iliyofichika inayoitwa `Zone.Identifier`. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwenye folda ya Downloads na uandike:

```
Get-Content .\7z2409-x64.exe -Stream Zone.Identifier
```

`ZoneId=3` inamaanisha faili limetoka intaneti. Muhimu zaidi ni mistari ya `HostUrl` na `ReferrerUrl`, inapokuwepo: wa kwanza ni mahali faili lilipotoka, wa pili ni ukurasa uliobofya. Soma anwani kuanzia kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti ukirudi nyuma. Katika `7-zip.org.pakua-bure.example/` mwenye tovuti si 7-zip.org, ni hicho kilichokaribu na mkwaju. Faili kutoka `www.7-zip.org` au ukurasa rasmi wa mradi huo ndani ya GitHub ni sawa. Likitoka kwenye tovuti ya kukusanya programu za watu, lifute ukalichukue kwa mwenyewe, hata kama halina kirusi, kwa sababu tovuti hizo zina tabia ya kufungasha vikorokoro vingine ndani.

Matangazo ya kulipia juu ya matokeo ya utafutaji yamepitisha visakinishi bandia vingi. Kurasa hizo hunakiliwa kila kitu, nembo na rangi, na tofauti hubaki kwenye anwani tu. Andika anwani ya mtengenezaji kwa mkono.

Swali la pili: ni aina ya faili uliyoitarajia?

Windows huficha kiendelezi, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta. Ndiyo maana `Ratiba_ya_Mitihani.pdf.exe` huonekana `Ratiba_ya_Mitihani.pdf`. Katika Windows 11 fungua folda, bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Katika Windows 10 kisanduku hicho kimo moja kwa moja kwenye View. Iache ikiwa imewashwa daima.

Ratiba, ankara, barua ya uteuzi au picha haiishii na `exe`, `msi`, `scr`, `bat`, `cmd`, `js`, `vbs`, `hta` wala `lnk`. Ukiona hivyo, hakuna haja ya kuendelea na hatua nyingine; futa. `iso` na `img` zikija kama kiambatisho cha barua pepe zitilie shaka kubwa. Nyaraka za `docm` na `xlsm` hubeba makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka; Microsoft ilianza mwaka 2022 kuzizuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti, kwa hiyo waraka unaokuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho unakuomba umfungulie mlango mtu usiyemjua.

Swali la tatu: nani katia saini?

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Digital Signatures. Au:

```
Get-AuthenticodeSignature .\7z2409-x64.exe
```

`Valid` inamaanisha saini ipo na faili halijaguswa tangu litiwe saini. Linganisha jina la mtia saini na mtengenezaji unayemjua: kisakinishi cha Chrome kinatiwa saini na Google LLC, na kikibeba jina la kampuni usiyowahi kuisikia, si chake. `NotSigned` haitoshi kulihukumu faili, kama tulivyoona kwa 7-Zip. `HashMismatch` ndiyo mbaya kuliko zote: saini ipo lakini yaliyomo yamebadilika. Inaweza kuwa faili limeharibika wakati wa kupakuliwa, inaweza kuwa mtu kapachika kitu. Futa na upakue upya kwa mtandao imara, ikijirudia, tuite.

Saini nzuri nayo ina mpaka wake. Mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner lilisambazwa kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, likiwa na saini halali na programu hasidi ndani, kwa sababu wavamizi walikuwa wameingia mahali linapotengenezwa. Jambo hilo ni adimu, lakini ndilo linalotufanya tusiishie kwenye saini.

Swali la nne: ndilo lenyewe?

Hashi ya SHA-256 ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, mfuatano wote unakuwa mwingine.

```
Get-FileHash .\7z2409-x64.exe
```

Linganisha na hashi iliyochapishwa na mtengenezaji. Kulinganisha herufi sita za mwanzo na sita za mwisho kunatosha kugundua faili lililokatika, lakini kwa faili unalolishuku nakili hashi yote na uitafute kwa Ctrl+F kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Ni vizuri hashi itoke mahali tofauti na faili. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, kiungo cha kupakua kikaelekezwa kwenye nakala iliyochezewa. Anayeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha pia hashi iliyoandikwa pembeni yake.

Ukishapata hashi, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa injini za antivirasi nyingi kwa pamoja. Tunasisitiza hashi, si faili. Ukipakia faili lenyewe, nakala yake hufikiwa na kampuni za usalama na watafiti wanaolipia huduma hiyo. Orodha ya alama za wanafunzi au mkataba wa zabuni haupaswi kufika huko.

Kusoma matokeo kunahitaji utulivu. Injini moja au mbili kati ya sabini na kitu, zisizo na majina makubwa, zikitaja maneno ya jumla kama `Generic` au `ML`, mara nyingi ni makosa ya kukisia. Zikiwa kumi na kuendelea, au chache lakini zinataja familia moja ya kirusi kwa jina, futa. Sifuri nayo isomwe pamoja na tarehe ya `First Submission`: faili lililoonwa kwa mara ya kwanza leo asubuhi bado halijapata muda wa kugunduliwa. Subiri siku mbili tatu, halafu angalia tena.

Yanayomaliza ubishi

Yapo mambo ambayo yakionekana hatuhesabu hoja za upande wa pili. Maelekezo ya kuzima antivirasi kabla ya kusakinisha. Faili lililobanwa lenye nenosiri, na nenosiri limeandikwa pembeni yake. Lengo ni kuzuia kikaguzi kisione ndani. Ukurasa unaokuambia ubonyeze Windows+R ubandike amri ili kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu. Na kraki za Office, Windows au Photoshop, ambazo zimekuwa njia ya kudumu ya kusambaza programu za kuiba manenosiri.

Kimya si cheti

Onyo la Windows linategemea ile alama ya `Zone.Identifier`. Faili lililokuja kwa flashi mara nyingi halina alama, hivyo hutaulizwa chochote. 7-Zip nayo, isipobadilishwa mpangilio, haihamishii alama kwenye mafaili inayoyatoa. Na matoleo ya kabla ya 24.09 yalikuwa na kasoro iliyoiacha alama ipotee hata pale mpangilio ulipowekwa. Maswali manne ya juu yanahusu pia faili ulilopewa na mwenzako ofisini.

Uamuzi

Bakiza ikiwa anwani ni ya mtengenezaji, aina ni uliyoitarajia, na angalau saini au hashi imelingana. Kwenye dirisha la buluu bofya More info, kisha Run anyway. Jibu moja likikosekana na unaihitaji programu, tuletee jina na hashi. Tutaijaribu kwenye mashine ya pembeni na kukujibu siku hiyohiyo ya kazi. Ukiwa na Windows Pro nyumbani, Windows Sandbox hufanya kazi hiyo: kila kitu ndani yake hufutika ukiifunga. Ila programu hasidi nyingine hutambua ziko ndani ya sandboksi na kujifanya wapole.

Kama ulishalifungua

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi sasa hivi. Usiizime kompyuta. Kwa kutumia kifaa kingine badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, halafu la benki, kisha utoke kwenye vifaa vyote kupitia mipangilio ya akaunti. Wezi hawa huchukua vidakuzi vya kivinjari, yaani kumbukumbu zinazokuweka ndani ya akaunti bila kuulizwa nenosiri tena, na kubadilisha nenosiri pekee kunaweza kuwaacha bado wako ndani. Piga 214 hata kama hakuna kilichoonekana kutokea: faili uliloligusa mara mbili likakaa kimya ndilo tunalotaka kulisikia mapema. Utuambie jina lake, saa uliyolifungua na akaunti ulizokuwa umeingia. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kutoa taarifa.