Mwongozo wa mahojiano na wachungaji na mapadre: kazi, nguvu na matarajio ya kanisa

Kwa mhoji: usitaje "kuchoka" wala "msongo" kabla mhojiwa hajayataja mwenyewe. Shirika la Afya Duniani huhesabu uchovu wa kazi kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, kwa hiyo usimpime mtu. Usiketi naye ofisini kwake. Huko atakatizwa kila mara.

Msomee mhojiwa: "Asante kwa kunipokea. Askofu wako hatapata sauti iliyorekodiwa wala maandishi yake. Swali usilolitaka, tuliache. Naomba ruhusa ya kurekodi."

1. Nieleze wiki yako iliyopita, tangu Jumapili.

2. Siku ya mapumziko ikifika, huwa inaendaje? (Kama hana, msubiri aseme. Usishangae.)

3. Kanisa linatarajia nini kwako? Hayo uliyajuaje? Fuatilia yaliyoandikwa, kisha yasiyoandikwa: simu za usiku, michango, mwenendo wa familia au maisha ya useja. Hapa ndipo penye mengi, usiharakishe.

4. Matarajio mawili yakigongana, unafanyaje? Nipe mfano.

5. Hali yako ya mwili na moyo imekuwaje tangu ulipowekwa wakfu?

6. Ukiwa na jambo zito, unaongea na nani? Uhamisho au nyumba ya kanisa huingiaje katika uamuzi huo?

7. Ni lipi sikuliuliza?

Akilia, zima kinasa kwanza, ndipo umuulize angependa tuendeleeje.